Ndugu Wamehamia, Mkataba Hauwajui

Mkataba wa kupanga nyumba Marekani huwa mrefu, na siku ya kutia sahihi watu wengi hutazama mambo mawili tu: kodi ni kiasi gani na amana itarudi lini. Katikati ya kurasa hizo kuna kifungu kisichotaja fedha. Kinaorodhesha majina ya watu wazima watakaoishi humo, majina ya watoto na umri wao, kisha kinasema hakuna mwingine atakayekaa bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Mbele kidogo kuna kifungu cha wageni, nacho husema mgeni anaweza kulala siku ngapi. Siku 14 ni kiwango kinachoonekana sana, ingawa ipo mikataba inayoruhusu siku chache zaidi.

Vifungu hivyo viwili vinazigusa sana familia za Wakongo, Warundi na Watanzania waliohamia miji kama Louisville, katika jimbo la Kentucky. Ndugu akipata kazi ghalani au kiwandani katika mji ulipo, hafikii hotelini. Anafikia kwako. Dar es Salaam au Bukavu mwenye nyumba huishi uani au mtaa wa pili, na mgeni huonekana asubuhi ileile. Kama kuna ugomvi, utakuwa juu ya bili ya maji na umeme, na utamalizwa kwa maneno. Louisville mwenye nyumba anaweza kuwa kampuni yenye ofisi jimbo jingine. Inawajua wapangaji wake kwa karatasi, na mtu asiye kwenye karatasi kwake ni mvamizi wa mkataba, hata kama ni ndugu wa tumbo moja na mpangaji.

Ili kuona mambo yanavyokwenda, tuchukue familia ya mfano.

Kutoka wanne hadi saba

Mume, mke na watoto wao wawili, wa miaka 9 na 6, wamepanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Mkataba ni wa mwaka mmoja, una majina manne, na unaruhusu mgeni kulala siku 14. Mwezi Machi mdogo wake mume anapiga simu kutoka Texas. Amepata kazi Louisville na atakuja na mkewe na mtoto wao wa miezi minane. "Kaka, ni wiki mbili tu, tukipata mshahara wa kwanza tunatafuta kwetu." Kaka anajibu kama kaka yeyote angejibu: "Karibuni, mdogo wangu. Nyumba ni yenu."

Wiki mbili zinakwisha, na mshahara wa kwanza unaishia kwenye matengenezo ya gari. Kila kampuni ya nyumba inataka uthibitisho wa mshahara wa miezi kadhaa, na mdogo mtu hana. Kufika Juni bado wapo, na hakuna aliyeandika neno ofisini.

Siri ya namna hii haivuji kwa sababu ya jirani mbaya tu. Maisha yenyewe huitoa. Mdogo mtu anahitaji leseni ya udereva ya Kentucky, kwa hiyo anahitaji hati yenye anwani. Benki inatuma barua kwa jina lake kwenye sanduku la nyumba hiyo. Gari lake lenye namba za Texas linalala kila usiku kwenye maegesho ambako kila nyumba imepewa nafasi mbili. Bili ya maji inapanda. Kisha fundi anakuja kubadilisha chujio la mashine ya joto, anakuta magodoro mawili sebuleni na kitanda cha mtoto mchanga, naye anaandika alichoona kwenye ripoti yake.

Mgeni na mkaaji

Swali la kwanza ambalo hakimu au meneja atajiuliza ni kama watu hawa ni wageni au wanaishi pale. Udugu hauna nafasi katika swali hilo. Kinachotazamwa ni muda waliokaa kulingana na mkataba, na dalili za makazi: barua zinafika wapi, nguo ziko wapi, mtoto ameandikishwa shule kwa anwani ipi, na kama wana mahali pengine pa kurudi. Mama aliyetoka Nairobi na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili ni mgeni. Mdogo mtu anayepokea mshahara wake kwa anwani hiyo ni mkaaji, hata kama analala chini.

Kwa hiyo jibu la "ni mgeni tu" baada ya miezi mitatu linaharibu zaidi. Kosa la kwanza lilikuwa kutotoa taarifa, na hilo linarekebishika. Uongo ulioandikwa kwenye barua pepe unabaki kwenye jalada, na mwenye nyumba atautumia kuonyesha kwamba mpangaji huyu haaminiki.

Idadi inatoka wapi

Watu wengi wanaamini kuna sheria ya taifa zima inayosema watu wawili kwa kila chumba cha kulala. Haipo kwa namna hiyo. Kilichopo ni waraka wa mwaka 1991 ulioandikwa na Frank Keating, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa HUD, wizara ya serikali kuu inayosimamia nyumba. Mwaka 1998 wizara iliutangaza kuwa mwongozo wake. Waraka unasema kikomo cha watu wawili kwa chumba cha kulala kwa kawaida ni cha haki, kisha unaeleza ni lini kinaweza kuwa si cha haki. Unataka utazamwe ukubwa wa vyumba na wa nyumba nzima, mpangilio wake, umri wa watoto, uwezo wa mfumo wa majitaka, na kanuni za mji au jimbo. Mtoto mchanga anayelala chumba cha wazazi si sawa na kijana wa miaka 16 katika chumba hichohicho.

Waraka huo ulihitajika kwa sababu mwaka 1988 Sheria ya Haki katika Makazi, ile ya mwaka 1968, iliongezewa ulinzi wa familia zenye watoto wa chini ya miaka 18. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kuweka kikomo cha watu kama njia ya kuwakwepa watoto. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu vikomo vya haki vya serikali za mitaa kuhusu idadi ya watu ndani ya nyumba, na baadhi ya nyumba haziguswi nayo, kama jengo la nyumba zisizozidi nne ambalo mwenyewe anaishi humo.

Upande wa mji, halmashauri nyingi za Marekani hufuata kanuni za mfano za utunzaji wa majengo. Kanuni hizo zinataka chumba cha kulala cha mtu mmoja kiwe na angalau futi za mraba 70, yaani kama mita za mraba 6.5. Wakilala zaidi ya mmoja, kila mtu awe na futi 50. Pima basi nyumba ya familia yetu. Chumba kikubwa ni futi 12 kwa 13, sawa na futi za mraba 156: kinatosha watu watatu. Kidogo ni futi 10 kwa 12, sawa na 120: kinatosha wawili. Jumla ni watano.

Hesabu hiyo inaonyesha ni hoja ipi ina nguvu na ipi haina. Tuseme aliyekuja ni mpwa wa miaka 10 peke yake, ametumwa na wazazi wake asome Louisville. Wangekuwa watano, na meneja akikataa kwa kusema "wawili kwa chumba", familia ingekuwa na la kumjibu: vyumba ni vikubwa, kanuni inaruhusu watano, na anayeongezeka ni mtoto. Sheria ya makazi haimlindi mtoto anayeishi na mzazi wake tu. Inamlinda pia anayeishi na mtu aliyepewa ruhusa ya maandishi na mzazi. Kwa hiyo barua ya mzazi, yenye jina la mtoto, jina la anayemlea na sahihi, ni karatasi ya kuandaa kabla mtoto hajapanda ndege. Anayeona amebaguliwa kwa sababu ya watoto ana mwaka mmoja wa kupeleka malalamiko HUD.

Familia yetu lakini ina watu saba. Hata mtoto mchanga akisamehewa katika hesabu, wanabaki sita katika nyumba inayotosha watano. Hapo waraka wa Keating hauokoi. Na kuna jambo la pili lisilohusu idadi kabisa: watu wazima wawili wanaishi katika nyumba bila kuchunguzwa wala kutia sahihi. Mwenye nyumba angeweza kulalamikia hilo hata kama nyumba ingekuwa na vyumba vinne.

Notisi ikibandikwa mlangoni

Tarehe 3 Juni familia inapokea notisi ya maandishi: watu wasio kwenye mkataba wanaishi humo, kinyume cha kifungu fulani. Kuanzia hapa kila jimbo lina sheria yake. Louisville inafuata sheria ya Kentucky ya wapangaji na wenye nyumba, ambayo ilitungwa kwa kufuata mfano unaotumika katika majimbo kadhaa. Kwa kosa la namna hii, notisi lazima ieleze kosa ni lipi na mkataba utakoma lini, na tarehe hiyo isiwe chini ya siku 14 tangu notisi ipokewe. Mpangaji akirekebisha kosa ndani ya siku 15, mkataba unaendelea.

Wapangaji wengi hapa hufanya moja ya makosa mawili. Wapo wanaoisoma notisi kama amri ya kuondoka, wakafunga mizigo usiku, wakaacha deni la kodi ya miezi iliyobaki. Wengine wanaiweka juu ya friji pamoja na matangazo ya pizza. Notisi haina nguvu ya kumtoa mtu ndani. Inatoa muda, na muda huo unahesabika.

Kwa familia yetu, kurekebisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndugu kuondoka kabla ya tarehe 18 Juni, na kaka kumwandikia meneja akitaja tarehe waliyotoka, akiambatisha nakala ya mkataba wao mpya au picha ya sebule iliyo wazi, na akiomba jibu la maandishi kwamba suala limefungwa. Ya pili ni kuomba nyongeza ya mkataba. Wakiwa saba, ombi la kubaki wote litakataliwa karibu kwa hakika. Lakini meneja anaweza kukubali siku 30 zaidi, au kuwahamishia wote kwenye nyumba ya vyumba vitatu katika jengo hilohilo, kwa sababu kupata mpangaji mpya ni gharama kwake pia. Makubaliano hayo yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya meneja wa leo hamfungi meneja wa kesho.

Kosa likirekebishwa kisha likarudiwa ndani ya miezi sita, sheria ya Kentucky haitoi nafasi ya pili ya kurekebisha. Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14. Ndugu aliyeondoka Juni akarudi Septemba kwa sababu kazi imekwisha ameiweka familia mahali pabaya kuliko mara ya kwanza.

Upo pia upande unaomfunga mwenye nyumba. Chini ya sheria hiyo, akipokea kodi huku akijua kosa lipo, kwa kawaida anahesabiwa kuwa ameacha haki ya kuvunja mkataba kwa kosa hilo, isipokuwa kama baada ya kosa walikubaliana vingine. Kama meneja aliandika Aprili, "Naona mdogo wako bado yupo, msalimie," kisha akachukua kodi ya Mei na Juni bila neno, ujumbe huo ni ushahidi. Usifute simu yako.

Mbele ya hakimu

Siku zikipita bila marekebisho, mwenye nyumba bado hawezi kubadilisha kufuli wala kukata maji. Akifanya hivyo Kentucky, mpangaji anaweza kudai fidia isiyozidi kodi ya miezi mitatu pamoja na gharama za wakili. Njia yake halali ni kufungua kesi ya kurudishiwa nyumba katika mahakama ya wilaya. Kesi hiyo huenda haraka, na wito wa mahakama unaweza kumfikia mpangaji siku tatu tu kabla ya kusikilizwa.

Asiyefika mahakamani hushindwa siku hiyohiyo. Anayefika ana haki ya mkalimani bila malipo, na aombe mapema wa Kiswahili anachokielewa, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa hutofautiana katika maneno ya sheria. Alete mkataba, notisi, barua alizoandika na uthibitisho kwamba ndugu wametoka. Hakimu akitoa hukumu dhidi yake, kuna siku saba kabla mwenye nyumba hajapata hati ya kumtoa, na ndani ya siku hizo saba mpangaji anaweza kukata rufaa. Baada ya hapo anayekuja kutoa vitu nje ni ofisa wa sherifu.

Madhara yanazidi nyumba hii. Kesi ya kuondolewa hubaki kwenye kumbukumbu, na kampuni za kuchunguza wapangaji zinaweza kuitaja kwa miaka saba. Ndiyo maana wanasheria wa msaada wa bure hujitahidi kupata makubaliano ambayo kesi inafutwa, si makubaliano ambayo mpangaji anakubali hukumu ili apewe wiki mbili za kuhama. Nje ya chumba cha mahakama karatasi hizo mbili zinaweza kuonekana sawa. Mpangaji aulize kabla ya kutia sahihi: hii inaifuta kesi, au inanipa hukumu?

Nyumba ya vocha

Familia inayosaidiwa kodi kwa vocha ya Seksheni 8 ina wakubwa wawili wa kuwaarifu: mwenye nyumba na ofisi ya nyumba inayotoa vocha. Mtoto akizaliwa, akiasiliwa au mahakama ikiwapa malezi yake, wanaiarifu ofisi mara moja. Mtu mwingine yeyote huombewa idhini kabla hajahamia, awe mama mzazi au ndugu.

Sababu kubwa ni mapato. Mchango wa familia katika kodi huwa karibu asilimia 30 ya mapato yake baada ya makato yanayoruhusiwa, na mshahara wa mkaaji mpya mtu mzima huingizwa kwenye hesabu. Tuseme mdogo mtu anapata dola 2,000 kwa mwezi na amekaa miezi minne bila kutajwa. Kwa hesabu ya juujuu, familia ilipaswa kuchangia dola 600 zaidi kila mwezi, yaani dola 2,400. Ofisi inaweza kudai fedha hizo zirudishwe, na inaweza kuiondoa familia kwenye vocha. Wapo wanaosubiri vocha kwa miaka.

Kuomba kabla ya kumkaribisha

Kaka angefanyaje mwezi Machi? Angeandika ujumbe mmoja mfupi kwa barua pepe kabla ndugu hawajaondoka Texas: majina yao, umri wao, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, na namba ya gari. Angeomba ruhusa ya siku 45 badala ya 14. Mameneja wengi hukubali ombi lenye tarehe ya mwisho, kwa sababu linawapa kitu cha kushika. Kama ndugu alikusudia kukaa hasa, kaka angeomba fomu ya maombi ya mtu mzima. Huwa na ada, na huangalia historia ya jinai, ya mikopo na ya kupanga.

Katika fomu hiyo kuna chaguo la kufikiria vizuri. Mtu mzima anaweza kuingizwa kama mpangaji mwenza au kama mkaaji tu. Mpangaji mwenza anatia sahihi, anadaiwa kodi yote mwenzake akishindwa, na hawezi kuambiwa na kaka yake aondoke kesho. Mkaaji ameruhusiwa kuishi humo lakini hana mkataba wake. Kaka akihama, ruhusa yake inakwisha, na akivunja mlango anayedaiwa ni kaka. Ndugu wanaopanga kukaa pamoja mwaka mzima wakae chini waamue hili kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu jina likishaandikwa katika safu moja, kulihamishia nyingine kunahitaji sahihi ya mwenye nyumba tena.

Majibu ya meneja hayatakuwa sawa kila mahali. New York, kwa mfano, ina sheria inayompa mpangaji aliyetia sahihi peke yake haki ya kuishi na familia yake ya karibu, mtu mmoja wa ziada na watoto wanaomtegemea mtu huyo, mkataba useme usiseme, mradi idadi isivuke kanuni za msongamano. Hata huko mwenye nyumba ana haki ya kujua: mpangaji hutakiwa kumpa jina la mtu huyo wa ziada ndani ya siku 30 tangu ahamie, au ndani ya siku 30 tangu aulizwe. Kentucky haina ruhusa hiyo, kwa hiyo kinachoamua ni kilichoandikwa kwenye mkataba. Anayehamia jimbo jingine asichukue ushauri wa binamu aliye Brooklyn. Afungue mkataba wake, atafute kifungu cha wakaaji na cha wageni, na amjibu ndugu yake kwenye simu akiwa ameshavisoma.